Barafu ya Jumapili: Hesabu ya Mchuuzi wa Maji Katika Viwanja vya Bungoma na Kitale

Mechi ikipangwa kuanza saa tisa alasiri Jumapili katika Uwanja wa Sudi mjini Bungoma, kazi ya anayeuza maji baridi huanza Ijumaa usiku. Usiku huo ndio wa kuingiza chupa za barafu kwenye friza. Jumamosi jioni ni zamu ya maji na soda kuingia friji. Jumapili asubuhi kila kitu kinapakiwa, kufikia saa sita mchana boksi liko kando ya lango, na kipenga kikilia, sehemu kubwa ya faida au hasara imeshaamuliwa tayari. Mtazamaji humwona mchuuzi akipita na ndoo kwa saa mbili hivi. Saa hizo ni mkia wa kazi iliyochukua siku mbili, na makosa mengi ya biashara hii hufanyika mapema, kabla mteja wa kwanza hajatoa pesa mfukoni.

Kosa la kwanza ni kuliamini boksi kupita uwezo wake. Boksi la barafu halina mtambo. Haliwezi kutengeneza baridi, linaweza tu kuchelewesha joto lisiingie. Baridi yote utakayouza siku hiyo ni ile uliyoitia ndani kwa umbo la barafu, na ikiisha imeisha. Kwa hiyo swali la msingi ni kilo ngapi za barafu zinahitajika, na zinakwenda wapi.

Jibu linapatikana kwa hesabu rahisi. Kilo 1 ya barafu inapoyeyuka humeza joto la kutosha kushusha lita 4 za maji kwa nyuzi 20 za selsiasi. Chupa ya nusu lita iliyokaa dukani Bungoma mchana huwa na joto la nyuzi 25 hivi, na mteja huiita baridi ikifika karibu nyuzi 5. Kuishusha chupa hiyo moja kunakula gramu 125 za barafu. Chupa 24 zinakula kilo 3, na chupa 48 zinakula kilo 6. Hiyo ni barafu iliyotumika kupoza tu, kabla jua halijachukua chake.

Jua lenyewe huchukua kidogo kuliko watu wanavyodhani. Boksi la plastiki la lita 60 lenye kuta za povu za unene wa sentimita mbili hadi tatu, likiwa limefungwa na liko kivulini, hupoteza takriban theluthi moja ya kilo ya barafu kwa saa. Likiachwa juani, au likifunguliwa kila dakika, kiasi hicho hupanda. Hata hivyo, ukilifunga vizuri kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, utapoteza kilo 2 hivi.

Tazama sasa mambo hayo mawili pamoja. Kutia chupa 12 zenye joto la duka katikati ya mechi kunayeyusha kilo moja na nusu ya barafu, yaani sawa na saa nne na nusu za boksi kukaa likiwa limefungwa. Hapa ndipo wachuuzi wengi wapya hupotelea. Mauzo yanapokwenda vizuri dakika ya ishirini, mtu humtuma kijana dukani akalete kreti nyingine, anazimimina chupa moto juu ya zile baridi, na wakati wa mapumziko unapofika hana chupa baridi hata moja. Zile za zamani zimepata joto na mpya hazijapoa. Mteja anaishika chupa, anairudisha, na kuendelea na safari yake. Kama ni lazima kuongeza bidhaa, ziende kwenye boksi la pili lenye barafu yake, au ziuzwe kama zilivyo kwa bei ya chini.

Chupa iliyolala kwenye friji ikafika nyuzi 8 inahitaji gramu 20 hivi tu za barafu ili ifike nyuzi 5. Kwa chupa 48 hiyo ni kilo 1 pekee badala ya 6. Ongeza kilo 2 za kulinda boksi kwa saa sita, na kilo 1 ya kufidia kufungua na kufunga, unapata kilo 4. Aliyepakia chupa moto atahitaji kilo 9 kwa kazi ileile, na kilo hizo 5 za ziada zinachukua nafasi ambayo ingebeba chupa za kuuza. Ndiyo maana wenye uzoefu hulipia nafasi kwenye friji ya mwenye duka au kinyozi jirani usiku wa kuamkia mechi. Malipo hayo huonekana kama gharama ya bure kwa mgeni wa kazi, na kwa kweli ndiyo pesa inayorudi upesi kuliko zote.

Barafu yenyewe inatoka wapi? Wengi huigandisha nyumbani au kwa jirani, ndani ya chupa tupu za lita moja au mbili. Chupa hazijazwi pomoni, kwa sababu maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9 na chupa iliyojaa hupasuka. Friza ya nyumbani haiwezi kugandisha kilo 8 za maji kwa usiku mmoja bila shida, hasa ikifunguliwafunguliwa, ndiyo sababu kazi huanza Ijumaa. Stima ikipotea Jumamosi, dawa ni kutoifungua friza kabisa. Ikiwa imejaa na imefungwa, baridi yake hukaa hadi siku inayofuata. Anayeifungua kila nusu saa kuhakikisha kama barafu bado ipo ndiye anayeiyeyusha.

Kuna barafu ya aina nyingine katika miji hii, nayo ni ile inayokuja na samaki kutoka upande wa ziwa. Wauza samaki huwa nayo, wakati mwingine huitoa kwa bei ndogo, na mtu mwenye haraka huona imemwokoa. Isitumike. Harufu yake hushika kwenye mdomo wa chupa na haitoki kwa kufuta. Na hata bila harufu, barafu iliyo wazi ina tatizo kubwa zaidi. Kugandisha hakuui vimelea vya kipindupindu wala homa ya matumbo. Vinalala tu, na barafu ikiyeyuka viko palepale. Kenya ilipata mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 na kuendelea mwaka uliofuata katika kaunti nyingi. Mteja wa uwanjani hanywi kwa glasi, anaweka mdomo moja kwa moja kwenye chupa iliyokuwa imezama ndani ya boksi. Maji ya boksi yakiwa machafu, muhuri wa kiwandani hautamsaidia.

Kwa hiyo barafu ikae ndani ya chupa zilizofungwa. Lakini hapo linatokea tatizo la pili, nalo ni kwamba chupa ya barafu ikilala kando ya chupa ya maji, zinagusana sehemu ndogo tu. Nafasi iliyobaki imejaa hewa, na hewa haisafirishi baridi vizuri. Chupa moto iliyozungukwa na hewa baridi inaweza kuchukua saa kadhaa kupoa. Ufumbuzi ni kumimina lita kadhaa za maji safi, yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini, mpaka chupa zote ziwe zimezama nusu. Maji hayo huwa daraja kati ya barafu na bidhaa, na chupa ya nusu lita hupoa ndani ya nusu saa hivi. Boksi linakuwa zito zaidi, na kila chupa inatoka ikidondosha maji, kwa hiyo kitambaa safi cha kufutia ni sehemu ya vifaa. Anayepakia chupa ambazo zimeshapozwa na friji anaweza kuacha maji hayo kabisa. Hii ni sababu nyingine ya kulipia ile friji.

Uzito nao ni jambo la kupangia. Chupa 48 za nusu lita ni kilo 24 bila kuhesabu plastiki. Weka kilo 4 za barafu na boksi lenyewe, unapata mzigo wa zaidi ya kilo 30. Hakuna mtu wa kuzunguka na mzigo huo kwenye ngazi za watazamaji. Boksi ni stoo, duka ni ndoo. Boksi linakaa mahali pamoja penye kivuli na mtu wa kulilinda, na mwuzaji anatembea na chupa kumi au kumi na mbili kwenye ndoo yenye kifuniko, akiwa na chupa moja ya barafu katikati, kisha anarudi kujaza. Ndiyo maana kazi hii karibu kila mara inahitaji watu wawili. Anayejaribu peke yake hulazimika kuacha boksi wazi kwa wezi au kukaa nalo mahali pamoja na kusubiri wateja wamfuate. Mtazamaji wa mpira hafuati mtu. Akitoka kwenye nafasi yake anaweza kukosa bao, na akirudi anaweza kukuta nafasi imekaliwa.

Tuchukue sasa mfano mmoja mpaka mwisho, kwa bei za kukadiria ambazo kila msomaji anaweza kuzibadilisha kulingana na soko lake. Mchuuzi anapeleka Sudi chupa 36 za maji na 12 za soda ya plastiki, pamoja na vifuko 30 vya njugu karanga vilivyofungwa kwa karatasi. Maji amenunua kwa jumla shilingi 25 chupa na anauza 50. Soda amenunua 60 na anauza 100. Kifuko cha njugu kimemgharimu 10 na anauza 20. Akimaliza kila kitu, maji yamempa 900 juu ya mtaji, soda 480, njugu 300. Jumla ni shilingi 1,680. Toa bodaboda ya kwenda na kurudi na boksi, 200. Toa nafasi ya friji, 150. Toa ushuru wa siku, 50, na malipo ya kuingia uwanjani, 100. Toa msaidizi, 300. Kinachobaki ni shilingi 880.

Sasa tuseme mechi imeahirishwa saa nane na nusu, watu wachache wakiwa wamefika, na ameuza maji 10, soda 3 na njugu 6. Hizo zimempa 430 juu ya mtaji. Gharama zile za 800 hazipungui, kwa sababu zote zimeshatoka au zimeshaahidiwa. Anarudi nyumbani akiwa na upungufu wa shilingi 370. Maji na soda havijaharibika, vitauzwa siku nyingine. Barafu ndiyo imekwenda, na pamoja nayo siku mbili za maandalizi.

Kuahirishwa kwa mechi si jambo la nadra. Katika soka ya Kenya imetokea mara kadhaa kwamba timu zote mbili zimefika, waamuzi wamefika, na mpira haukuchezwa kwa kuwa gari la wagonjwa halikufika, maana kanuni zinalitaka liwepo. Mchuuzi anayejua kazi yake huangalia gari hilo kabla ya kufungua boksi. Likiwa halipo zikisalia dakika chache mechi ianze, ni busara kuuza haraka kwa waliokwisha kufika, hata kwa kupunguza bei, kuliko kusubiri umati ambao huenda usije. Vilevile anafuatilia ratiba hadi asubuhi ya siku yenyewe, si tu tarehe iliyotangazwa wiki iliyopita.

Mechi ikichezwa, muda wa kuuza umegawanyika vibaya. Watu hununua wakiingia, hununua kidogo kipindi cha kwanza, kisha wote wanataka kununua ndani ya dakika 15 za mapumziko. Ukimhudumia mteja kwa sekunde 25, utahudumia watu 36 katika muda huo. Lakini mteja akitaka kulipa kwa simu na mtandao umelemewa na umati, mnaweza kusimama pamoja dakika nzima mkisubiri ujumbe wa M-Pesa, na idadi inashuka hadi 15. Kwa hiyo bei ya maji ya shilingi 50 ina faida isiyoonekana. Noti ya 50 haina chenji, na noti ya 100 inarudishiwa noti moja. Ukiuza kwa 45 utatafuta sarafu mfukoni wakati watu watano wanaita nyuma yako. Wanaolipa kwa simu wapelekwe kwa msaidizi kwenye boksi, ambako kuna nafasi ya kusubiri, na namba ya kulipia iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kifuniko. Na chupa isitoke mkononi kabla ujumbe haujaingia kwenye simu ya mwuzaji mwenyewe. Picha ya ujumbe kwenye simu ya mteja haitoshi, kwa kuwa ujumbe wa jana unaweza kuonyeshwa leo.

Hesabu yote hii ni ya Bungoma. Ukilipeleka boksi lilelile Kitale, kwa matatu inayopita Webuye, Kamukuywa na Kiminini, mambo hubadilika. Bungoma iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Kitale iko karibu mita 1,900. Tofauti hiyo ya mita 500 inashusha joto kwa nyuzi tatu hivi, na ngozi ya mteja inalijua hilo kuliko kipimajoto. Katika Uwanja wa Kenyatta mjini Kitale, Julai jioni yenye mawingu, mtu mzima aliyevaa jaketi atamwambia mwuzaji, “Mama, nipe ya moto,” akimaanisha soda ambayo haijapozwa. Mchuuzi aliyejaza boksi lote barafu hana cha kumpa. Kwa Kitale, isipokuwa miezi ya kiangazi ya Desemba hadi Februari au mapema Machi, nusu ya soda ikae nje ya boksi, kwenye kreti yake, na barafu ipungue. Maji yanauzika kidogo, vitafunio vinauzika zaidi.

Mvua ndiyo hasa inayotawala huko. Msimu wake huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Oktoba au Novemba, na mara nyingi asubuhi huwa safi kisha mawingu yakakusanyika kutoka upande wa Mlima Elgon baada ya saa nane. Mvua ikinyesha dakika ya kumi, hakuna mtu atakayenunua maji baridi tena siku hiyo. Watakimbilia kile chenye moto, yaani mayai ya kuchemsha yenye kachumbari, smoki, mahindi na chai ya chupa. Mchuuzi wa Kitale anayebeba baridi peke yake ameweka siku yake yote mikononi mwa wingu. Mwenye trei moja ya mayai na thermosi mbili amejipa nafasi ya pili.

Mayai hayo yana sharti lake. Maji ya Kitale huchemka karibu na nyuzi 94, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Yai linahitaji dakika chache zaidi kuliko lingehitaji Mombasa, na anayefuata muda aliousoma kwenye kitabu cha mapishi atauza mayai yenye kiini kibichi. Smoki nazo, hata kama zimefukizwa moshi, si chakula cha kuachwa vuguvugu kutwa. Ama ziwe ndani ya boksi la barafu mpaka zinapochomwa, ama ziwe moto kabisa. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vimelea huzaana. Kwa sababu hiyohiyo mimi singemshauri mtu auze maziwa lala au mtindi kutoka kwenye boksi la barafu kwenye maonyesho ya siku nzima, ingawa Trans Nzoia ina maziwa mengi na watu wanayapenda. Boksi linalofunguliwa mara mia kwa siku haliwezi kukaa chini ya nyuzi 5 kwa uhakika, na mtu mmoja akiugua, mchuuzi hana namna ya kujitetea.

Umati nao hutofautiana. Kwenye mechi za shule, kwa mfano St. Anthony's Boys ya Kitale inapocheza, sehemu kubwa ya watazamaji ni wanafunzi wenye sarafu za shilingi 10 na 20. Chupa ya 50 haiwahusu. Njugu, mandazi, ndizi na pipi ndivyo vinavyotembea, na boksi la barafu ni la walimu na wazazi. Maonyesho ya kilimo ya ASK mjini Kitale huchukua siku kadhaa, kwa hiyo tatizo si kupakia, ni kupata barafu mpya kila asubuhi, na asiye na friza mbili hugundua siku ya pili kwamba chupa alizozirudisha usiku hazikuganda hadi katikati.

Sherehe za kitaifa zina taratibu zao kabisa. Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni 2024, ilifanyika Bungoma katika Uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi. Siku kama hiyo watu huanza kuingia tangu alfajiri, hukaguliwa langoni, na mara nyingi chupa huzuiwa kupita. Soko lote linakuwa nje, barabarani, na lina mawimbi mawili, moja la watu wakiingia asubuhi na baridi, wanaotaka chai na mandazi, na jingine la watu wakitoka mchana wakiwa wamekaa juani kwa saa nyingi bila tone la maji. Wimbi hilo la pili ndilo la barafu. Mchuuzi aliyefungua boksi tangu asubuhi kuonyesha bidhaa hulifikia akiwa na maji vuguvugu. Anayeliacha limefungwa kivulini mpaka hotuba ya mwisho ndiye anayeuza.

Kabla ya yote hayo kuna suala la maji yenyewe. Katika umati kuna chupa zilizookotwa, zikajazwa maji ya bomba au kisima, na kufungwa tena. Mchuuzi anayenunua kwa bei ya chini kupita kiasi kutoka kwa mtu asiye na duka anaweza kuziuza bila kujua. Pete ya kifuniko ikiwa imekatika au kulegea, chupa hiyo imeshafunguliwa. Tangu tarehe 13 Novemba 2019, maji ya chupa, juisi na soda nchini Kenya hutakiwa kuwa na stempu ya ushuru ya KRA. Alama ya ubora ya KEBS huwa na namba ya kibali chini yake, na namba hiyo inaweza kukaguliwa kwa kutuma ujumbe wenye SM# ikifuatwa na namba kwenda 20023. Kreti moja ikikaguliwa dukani inatosha kwa shehena nzima, na inachukua muda mfupi kuliko kupanga foleni ya bodaboda.

Upande wa mchuuzi, anayeshika chakula hutakiwa kuwa na cheti cha afya ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi 6, na kaunti hudai kibali cha biashara au ushuru wa siku. Sina ugomvi na matakwa hayo. Anayeuza yai na njugu kwa watu mia mbili anapaswa kupimwa, na kaunti inayofagia uwanja baada ya mechi ina haki ya kulipwa. Ugomvi wangu ni saa ambayo mambo haya huamuliwa. Mara nyingi mchuuzi hajui atatozwa kiasi gani, na nani, mpaka anapofika langoni saa sita mchana. Askari wa kanjo anataka ushuru, mwandalizi wa mechi anataka malipo yake, na mtu wa tatu mwenye fulana ya kamati naye anataka kitu. Mabishano ya saa moja juani, boksi likifunguliwa ili likaguliwe na kukaguliwa tena, yanayeyusha barafu nyingi kuliko kipindi kizima cha mpira. Mchuuzi anajua hivyo, na anayemzuia anajua hivyo pia. Ndiyo maana hulipa bila risiti. Kila dakika anayobishana inatoka kwenye ule mtaji wa kilo 4 ambao hawezi kuununua tena siku hiyo. Fedha hiyo isiyo na risiti haifiki kwenye hazina ya kaunti, na ukirudi kwenye mfano wetu utaona kwamba shilingi 200 za namna hiyo ni karibu robo ya faida ya siku nzima.

Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zinaweza kulimaliza jambo hili bila sheria mpya na bila gharama kubwa. Zitangaze ada ya mchuuzi kwa kila mechi na sherehe siku mbili kabla, zipokee malipo kwa simu na kutoa risiti kabla ya siku yenyewe, na zichore kwa chokaa mahali pa maboksi penye kivuli, karibu na lango lakini nje ya njia ya watu. Waandalizi wa mechi waseme Ijumaa kama chupa zitaruhusiwa ndani au la. Mchuuzi anaigandisha barafu yake Ijumaa usiku, na huo ndio muda anaohitaji kujua.